Alikana shtaka, dhamana iko wazi, karudishwa rumande: namna ya kusoma habari ya mahakamani

Chukua aya moja ya habari ya mahakamani, ya aina tunayoikuta kila wiki kwenye magazeti na kurasa za mitandaoni. Hii nimeitunga mwenyewe, mtu anayetajwa hayupo, ila kila sentensi imeandikwa kama waandishi wetu wanavyoandika:

"Mkazi wa Tandika mwenye umri wa miaka 34 amefikishwa katika Mahakama ya Wilaya ya Temeke akikabiliwa na shtaka la kuiba Sh milioni 8.4, mali ya mwajiri wake. Mshtakiwa alikana shtaka. Upande wa mashtaka ulidai kuwa upelelezi haujakamilika. Hakimu alisema dhamana iko wazi endapo mshtakiwa atakuwa na wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa na vitambulisho vya taifa, watakaosaini bondi ya Sh milioni 5 kila mmoja. Mshtakiwa alishindwa kutimiza masharti hayo na kurudishwa rumande hadi kesi itakapotajwa tena baada ya siku 14."

Shuka kwenye maoni ya wasomaji na utakutana na watu watatu. Wa kwanza anasema mwizi kafungwa, safi sana. Wa pili anauliza: amekana, mbona yuko ndani? Wa tatu anamlaumu hakimu kwa kumtaka mtu aliyeiba milioni nane atoe milioni kumi. Wote watatu wameisoma vibaya habari ileile, na kosa lao linaanzia mahali pamoja. Wanadhani kukana, dhamana na rumande ni maneno yanayotueleza kama mtu ametenda kosa. Hakuna hata moja linalotueleza hivyo. Kukana ni jibu la swali alilosomewa. Dhamana na rumande zinaeleza tu mtu huyu atalala wapi mpaka kesi yake imalizike.

Nitazungumzia Tanzania Bara, ambako kesi hizi zinaongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Zanzibar ina sheria yake na mahakama zake, na Kenya nayo ina utaratibu wake ambao nitaugusa kidogo, kwa sababu habari za Nairobi zinasomwa sana huku na zinawachanganya watu.

Alikana shtaka

Mtu anapofikishwa kizimbani kwa mara ya kwanza, wakili wa Serikali au karani husoma hati ya mashtaka. Hati hiyo ina sehemu mbili. Moja inataja kosa na kifungu cha sheria, ya pili ni maelezo ya kosa: nani, lini, wapi, alifanya nini, mali ya nani. Baada ya hapo hakimu anamuuliza mshtakiwa kama shtaka hilo ni kweli au si kweli. Jibu lake linaandikwa kwenye mwenendo wa kesi kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Akisema "si kweli", hakimu anaandika kwamba amekana. Hapo hajajitetea. Hajaleta shahidi wala hajaeleza alikuwa wapi siku hiyo. Ameuambia tu upande wa mashtaka: thibitisheni.

Ndiyo maana kukana si dalili ya ukaidi wala ya kutokuwa na hatia. Watu wengi hukana siku ya kwanza, na wakili mwangalifu atamshauri mteja wake akane hata pale ambapo kuna mambo ya kukubali, kwa sababu siku hiyo hawajaona ushahidi wowote. Kukana hakuongezi adhabu baadaye. Na jibu hilo halifungi mlango, kwani mshtakiwa anaweza kuomba akumbushwe shtaka wiki au miezi baadaye, akakiri.

Kukiri ndiko kuzito, na hapo habari nyingi zinapita haraka mno. Kisheria, neno "ni kweli" peke yake halitoshi kumtia mtu hatiani. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka hatua za kufuata mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na mahakama zetu zinazitumia hadi leo. Shtaka na kila kiungo cha kosa vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Majibu yake yaandikwe. Kisha upande wa mashtaka usome maelezo ya tukio, na mshtakiwa aulizwe tena kama anakubaliana nayo. Akipinga jambo la msingi, au akitoa maelezo yanayoonyesha kwamba huenda hana kosa, hakimu anapaswa kufuta kukiri kule na kuandika kwamba amekana. Akikubali yote ndipo anatiwa hatiani, na hapo tu ndipo inakuja adhabu.

Tuirudie ile kesi ya Tandika. Tuseme yule kijana akisomewa shtaka anajibu: "Ni kweli nilichukua, lakini bosi alikuwa hajanilipa mishahara ya miezi minne, akaniambia nijikate kwenye mauzo." Mwandishi mwenye haraka ataandika "amekiri kuiba". Hakimu makini hawezi kuandika hivyo. Wizi unahitaji nia ya kudhulumu, na mtu anayesema aliruhusiwa na mwenye mali, au aliamini kwa dhati kwamba ana haki na fedha ile, anakana kiungo cha kosa hata kama kaanza na "ni kweli". Hilo linaandikwa kuwa amekana, na kesi inaendelea. Ukiona habari inasema mtu amekiri, tafuta sentensi inayofuata: je, alisomewa maelezo akayakubali, na je, mahakama ilimtia hatiani? Kama hamna, habari hiyo haijakamilika.

Mambo haya hayaishii kwenye ufundi wa mawakili. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, kwa kawaida haruhusiwi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anabaki na kupinga adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Mahakama zimekubali njia chache za kutokea, zilizoorodheshwa katika kesi ya Laurence Mpinga ya mwaka 1983: kukiri kulikuwa na utata, au kulitokana na kutoelewa, au shtaka lenyewe halikuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au kwa maelezo yaliyokubaliwa mtu hakupaswa kutiwa hatiani. Kwa hiyo yale maneno mawili matatu aliyojibu kizimbani akiwa na hofu, pengine hajala tangu jana, yanaweza kumfungia mlango wa rufaa. Ni jambo jema kwamba tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Anayeongea lugha nyingine ana haki ya mkalimani.

"Hakutakiwa kujibu chochote"

Kuna sentensi moja inayowashtua wasomaji kuliko zote: "Mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo." Wengi wanaisoma kama amenyimwa kusema. Maana yake ni nyingine.

Makosa kama mauaji na uhaini husikilizwa na Mahakama Kuu. Lakini mtu akikamatwa hapelekwi moja kwa moja Mahakama Kuu. Anafikishwa kwanza mahakama ya chini, mfano Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, ambako anasomewa shtaka na upelelezi unasubiriwa ukamilike. Hakimu wa pale hana mamlaka ya kupokea jibu, kwa hiyo hamuulizi. Upelelezi ukikamilika, mshtakiwa anasomewa maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo, kisha jalada linahamishiwa Mahakama Kuu. Kule ndiko atakakoulizwa kwa mara ya kwanza kama ni kweli au si kweli. Kesi za uhujumu uchumi nazo zina mlango wao: mahakama ya chini haiwezi kuzisikiliza mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, atoe kibali na hati ya kuipa mamlaka.

Mfano ulio wazi ni wa Aprili 2025, Tundu Lissu alipofikishwa Kisutu. Kwenye shtaka la uhaini hakutakiwa kujibu. Siku hiyohiyo, kwenye shauri lingine la kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni, aliulizwa na akakana, kwa sababu shauri hilo lilikuwa ndani ya mamlaka ya mahakama ile. Mtu yuleyule, jengo lilelile, majibu mawili tofauti, na tofauti yote ni ya mamlaka.

Dhamana iko wazi

Sasa tuje kwa yule msomaji wa tatu, aliyeona hakimu kamtaka mtu atoe milioni kumi. Hakuna aliyetakiwa kutoa hata senti. Kusaini bondi ya Sh milioni 5 ni kuahidi kwa maandishi, mbele ya mahakama, kwamba mshtakiwa atafika kila tarehe, na kwamba asipofika mdhamini atadaiwa kiasi hicho. Mshtakiwa akifika mpaka mwisho, ahadi inaisha na mdhamini anaondoka na fedha zake zote, hata kama mshtakiwa atatiwa hatiani na kufungwa. Mdhamini anadhamini mahudhurio tu. Hadhamini usafi wa mtu.

Sheria inataka kiwango cha dhamana kiendane na uzito wa kosa na mazingira ya kesi, na kisiwe cha kumkomoa mtu. Mshtakiwa anayeona masharti ni magumu anaweza kuomba hakimu ayalegeze, na akikataliwa anaweza kwenda Mahakama Kuu, yenye uwezo wa kuyapunguza. Nasisitiza hili kwa sababu familia nyingi husikia masharti, zikakata tamaa hapohapo, na ndugu yao akakaa miezi.

Halafu kuna makosa ya makaratasi, ambayo kwa maoni yangu yanawarudisha watu wengi rumande bila sababu ya maana. "Alishindwa kutimiza masharti" mara nyingi inamaanisha kwamba wadhamini walikuwepo mahakamani, wamekaa kwenye benchi, wana nia, lakini barua zao zilikataliwa. Barua ya serikali ya mtaa haina picha, au picha haijagongwa muhuri. Barua imeandikwa Mohamed na kitambulisho cha Nida kinasoma Mohammed. Mdhamini anatakiwa awe mtumishi wa umma, naye kaja na kitambulisho cha kazi bila barua ya mwajiri. Sharti ni mali isiyohamishika na mtu kaleta nakala ya hati ya nyumba, wakati mahakama inataka hati halisi na pengine taarifa ya mthamini. Upande wa mashtaka una haki ya kuhakiki nyaraka hizo, na uhakiki unachukua muda. Wakati huo karandinga linasubiri nje. Likishaondoka jioni na mahabusu wake kwenda Segerea au Keko, aliyekosa muhuri mmoja analala huko, na habari ya kesho itasema ameshindwa masharti.

Kwa hiyo anayejua ndugu yake atafikishwa mahakamani kesho asubuhi, afuate barua leo. Aende na kitambulisho chake mwenyewe kwa mwenyekiti au mtendaji, picha za pasipoti mkononi, na ahakikishe herufi za jina zinafanana kila mahali. Wawe wadhamini watatu au wanne hata kama kawaida ni wawili, ili mmoja akikataliwa mwingine asimame. Na kama amri ni ya kuweka fedha taslimu, fedha hizo hulipwa Serikalini kwa namba ya malipo inayotolewa na mahakama, unapata risiti, na kesi ikiisha bila mshtakiwa kutoroka unazidai. Anayekuomba "hela ya dhamana" mkononi, kwenye korido au kituo cha polisi, bila risiti, hajaombwa na sheria. Dhamana yenyewe haina ada.

Mdhamini naye asome anachosaini. Mshtakiwa akiruka dhamana, mahakama inamwita mdhamini aeleze kwa nini asilipe. Akikosa sababu ya kuridhisha anadaiwa ile bondi, mali yake inaweza kukamatwa na kuuzwa, na isipotosha anaweza kuwekwa ndani. Mdhamini aliyeanza kuona mtu wake hapokei simu ana haki ya kwenda mahakamani kuomba ajitoe kabla mambo hayajaharibika. Akifanya hivyo, mshtakiwa anatafutwa, na asipopata mdhamini mwingine anarudi ndani.

Zipo kesi ambazo dhamana haipo kabisa. Sheria inazitaja kwa majina, miongoni mwao mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, usafirishaji wa dawa za kulevya na utakatishaji fedha. Kwa makosa hayo hakimu hana la kuamua. Hata angeona mshtakiwa ni mzee, mgonjwa, anaishi Kariakoo miaka arobaini na hawezi kukimbia popote, sheria imemfunga mikono. Binafsi naona ni kasoro kubwa ya sheria yetu, kwa sababu aina ya shtaka huchaguliwa na upande wa mashtaka, na kwa kuchagua shtaka unakuwa umeshaamua mtu atalala wapi. Suala hili limepelekwa mahakamani zaidi ya mara moja. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba kile kifungu kilichompa DPP uwezo wa kuzuia dhamana kwa kuandika hati tu, katika shauri la Jeremia Mtobesya, kinakiuka Katiba. Lakini Mei 2020 Mahakama Kuu ilipobatilisha orodha ya makosa yasiyo na dhamana katika shauri la Dickson Sanga, Serikali ilikata rufaa, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikasema orodha hiyo haivunji Katiba. Ndivyo ilivyo hadi sasa.

Kuna pia sharti la nusu, linaloleta zile habari za mtu kutakiwa aweke mamilioni. Kosa likihusu fedha au mali inayozidi kiwango kilichowekwa kwenye sheria, kiwango ambacho kwa miaka mingi kilikuwa Sh milioni 10, mshtakiwa anatakiwa kuweka nusu ya thamani kwa fedha taslimu au mali, na nusu iliyobaki kwa bondi. Tuchukue mali ya Sh milioni 40. Nusu ni milioni 20 za kuweka. Kama washtakiwa ni wanne, haiwi milioni 20 kwa kila kichwa. Mahakama ya Rufaa ilishasema katika shauri la Silvester Hillu Dawi kwamba mzigo unagawanywa, kwa hiyo kila mmoja ataweka milioni 5 na kusaini bondi ya milioni 5. Ukisoma habari kwamba washtakiwa wanne wametakiwa kila mmoja kuweka nusu nzima, ama mwandishi kakosea au wakili wao ana hoja ya kupeleka mbele.

Kenya mambo ni tofauti. Ibara ya 49 ya Katiba yao ya 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiwa kwa dhamana isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia, na haimtengi anayeshtakiwa kwa mauaji. Ndiyo maana utasoma kwamba mshtakiwa wa mauaji Nairobi yuko nje, wengine wakaanza kunong'ona juu ya rushwa. Hakimu au jaji kule anapima kama upande wa mashtaka umeleta sababu nzito, kwa mfano kutishia mashahidi. Usitumie kipimo cha Kisutu kusoma habari ya Milimani.

Kurudishwa rumande

Aliye rumande ni mahabusu. Si mfungwa. Yuko ndani ya uzio uleule wa gereza, lakini hajahukumiwa, anavaa nguo zake, na Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inaendelea kumhesabu kuwa hana kosa mpaka ithibitike. Rumande hii ya magereza nayo si sawa na mahabusu ya kituo cha polisi, ambako mtu anakaa kabla hajafikishwa mahakamani. Habari ikisema "anashikiliwa na polisi", mtu huyo bado ni mtuhumiwa na hajasomewa shtaka. Ikisema "amerudishwa rumande", ameshasomewa, na anashikiliwa kwa amri ya mahakama.

Mtu anakuwa rumande kwa sababu nne, na habari nzuri inapaswa kusema ni ipi. Kosa lake halina dhamana. Au dhamana ipo lakini hakutimiza masharti, kama kijana wetu wa Tandika. Au aliombewa, mahakama ikakataa kwa sababu ilizozitaja, mfano aliwahi kutoroka. Au alikuwa nje akafutiwa. Hii ya mwisho tuliiona Novemba 2018, Mahakama ya Kisutu ilipowafutia dhamana Freeman Mbowe na Esther Matiko kwa kukiuka masharti, wakapelekwa Segerea. Walikwenda Mahakama Kuu, na Machi 2019 ikawarudishia dhamana. Zaidi ya miezi mitatu ilikuwa imepita, na kesi yenyewe ilikuwa haijaamuliwa.

Zile siku 14 za kwenye habari zina asili yake. Mshtakiwa akiwa gerezani, hakimu haruhusiwi kuahirisha kesi kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja, ndiyo maana kila wiki mbili karandinga linamleta mtu, jina linaitwa, wakili wa Serikali anasema upelelezi haujakamilika, na anarudi. Hiyo ndiyo "kutajwa". Siku ya kutajwa hakuna shahidi wala ushahidi unaosikilizwa. "Kusikilizwa" ndiyo siku mashahidi wanapopanda kizimbani. Ndugu anayesafiri kutoka Mbeya kwa basi kwenda kushuhudia kesi, aangalie kwanza ni neno lipi limeandikwa, maana siku ya kutajwa inaweza kuisha kwa dakika tatu.

Muda wa rumande ndio unaogusa yale majibu ya kizimbani tuliyoanza nayo. Mtu aliyekaa ndani mwaka mzima kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini au miezi sita ana sababu ya kukiri ambayo haihusiani kabisa na kama alitenda. Tangu mwaka 2019 sheria yetu inaruhusu pia mshtakiwa na DPP kukubaliana: anakiri, pengine kwa shtaka dogo zaidi, analipa fidia au faini, mengine yanaondolewa. Mwanahabari Erick Kabendera alishtakiwa Agosti 2019 kwa makosa yaliyojumuisha utakatishaji fedha, kwa hiyo hakukuwa na dhamana. Februari 2020 alikiri kwa makubaliano na DPP, akaamriwa kulipa zaidi ya Sh milioni 200, na akatoka. Anayesoma "amekiri" kwenye habari kama hiyo asome pia mstari unaosema alikaa ndani tangu lini, na kwamba shtaka lake lilikuwa miongoni mwa yasiyo na dhamana. Mambo hayo matatu hayatenganishwi.

Makubaliano hayo yana ulinzi wake. Hakimu au jaji anapaswa kujiridhisha kwamba mshtakiwa ameingia kwa hiari, anaelewa haki anazoziacha, ikiwemo ya kesi kusikilizwa, na kwamba hakulazimishwa. Mshtakiwa ana nafasi ya kusema hapana mbele ya hakimu huyohuyo.

Kuna neno moja zaidi ambalo huja mwishoni mwa habari hizi na kuwafanya watu washangilie mapema: "DPP ameondoa mashtaka, washtakiwa wameachiwa." Kuachiwa kwa namna hiyo hakulingani na kuachiwa huru baada ya ushahidi kusikilizwa. Mashtaka yaliyoondolewa yanaweza kurudishwa, na tumeshuhudia watu wakikamatwa tena kwenye ngazi za mahakama ileile waliyoachiwa, wakasomewa shtaka jipya, wakaulizwa upya kama ni kweli au si kweli, na suala la dhamana likaanza tena mwanzo. Kwa yule kijana wa Tandika, kama mwajiri akiamua kumalizana naye na shauri likaondolewa, ndugu zake wachukue nakala ya amri ya kuondoa shauri, yenye namba ya kesi na tarehe, kabla hawajaondoka mahakamani. Wadhamini nao wafuatilie masjala hati zao walizoziacha, hasa kama mmoja aliweka hati ya nyumba.